Jina lisomeke: hesabu ya herufi na sekunde katika video fupi

Mama amesimama kwenye maji ya magotini, bahari imekupwa, mkononi ameshika kamba iliyojaa mwani. Anaeleza jinsi bei ilivyoshuka. Mbele ya kifua chake maandishi meupe yanachomoza, yanakaa kidogo, yanatoweka. Nusu ya jina imezibwa na maelezo ya aliyeipakia video, na cheo kimeishia nyuma ya kitufe cha kupenda. Mtazamaji ameona kwamba palikuwa na jina. Hakulisoma.

Anayetengeneza video kama hiyo kwa kawaida hulaumu mtandao, au simu ya mtazamaji. Ukweli ni kwamba maandishi ya jina yana mahitaji mawili tu, nafasi na muda, na yote mawili yanajulikana mapema kwa kuhesabu herufi. Hesabu hiyo inafanyika kwa kalamu na karatasi, hata kabla ya kamera kuwashwa. Asiyeihesabu atakuja kuilipa kwenye meza ya uhariri, akipunguza ukubwa wa herufi na kubana sekunde hadi jina libaki kama pambo.

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho. Kikundi cha akina mama wanaolima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kinataka video ya dakika moja. Itapakiwa Instagram na TikTok, itasambazwa WhatsApp, na siku ya mkutano itaonyeshwa kwenye televisheni ukumbini. Ndani yake kuna kadi ya kichwa mwanzoni, jina la mama mmoja anayezungumza, na kadi ya mwisho yenye nambari ya simu. Kwa kuwa jina lake halisi halituhusu hapa, tumwite Fulani binti Fulani.

Mipaka ilikotoka

Waliokulia na televisheni za chogo wanakumbuka kwamba picha haikuishia palepale ilipoishia kwa mtangazaji. Kioo cha televisheni hizo kilikuwa na pembe za mviringo, na ukubwa wa picha ulicheza kidogo kadiri umeme ulivyopanda na kushuka na mitambo ilivyochakaa. Ili mtazamaji asione ukanda mweusi pembeni, watengenezaji waliikuza picha kupita ukubwa wa kioo. Kingo zake zikawa zinafichwa nyuma ya fremu ya plastiki, na kila televisheni ilificha kiasi chake.

Wahandisi wakaweka mipaka miwili. Chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, SMPTE, kilielekeza kwamba matukio muhimu yabaki ndani ya asilimia 90 ya upana na urefu wa picha, na maandishi yabaki ndani ya asilimia 80. Maana yake ni kuacha sehemu moja ya kumi kila upande bila herufi yoyote. Televisheni bapa zilipoenea, mipaka hiyo ililegezwa. Mwongozo wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya unaoitwa EBU R 95 unataka maandishi yaache asilimia 5 kila upande, na kiwango kipya cha SMPTE cha mwaka 2009 kinafika palepale.

Kwa video ya kulala yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, asilimia 5 ni pikseli 96 kushoto na kulia, na pikseli 54 juu na chini. Hiyo ndiyo nakala ya akina mama wa Jambiani itakayochezwa ukumbini. Lakini televisheni nyingi bapa bado hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuikuza picha kidogo, kama zilivyofanya za chogo, na hakuna ajuaye ya ukumbi huo imepangwaje. Kwa hiyo asilimia 5 ichukuliwe kama kiasi cha chini kabisa. Ikiwa kuna nafasi ya kuongeza, iongezwe, kwa kuwa jina halipungukiwi kitu likisogea ndani pikseli arobaini zaidi.

Simu iliyosimama ina kingo nyingine

Kwenye simu hakuna fremu ya plastiki inayokula picha. Kinachokula ni programu yenyewe. Juu kuna menyu, chini kuna jina la akaunti, maelezo na jina la wimbo, na upande wa kulia chini kuna safu ya vitufe vya kupenda, kutoa maoni na kutuma. Mpangilio huo ni karibu uleule Instagram, TikTok na YouTube Shorts, ingawa vipimo vinatofautiana.

Meta, kampuni inayomiliki Instagram, huwaelekeza watangazaji wa biashara wanaotumia Reels waache bila maandishi asilimia 14 ya juu, asilimia 35 ya chini, na asilimia 6 kila upande. Hata asiyelipia tangazo anafaidika na vipimo hivyo, maana skrini ni ileile. Kwa video ya kusimama yenye upana wa pikseli 1,080 na urefu wa 1,920, mstari wa mwisho unaoruhusiwa unaangukia pikseli 1,250 hivi kutoka juu. Kushoto unaanza pikseli 65 kutoka ukingoni. Kulia, kwa sababu ya vitufe, ni busara kuacha 150. Upana uliobaki kwa maandishi ni pikseli 865.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni mahali mstari huo unapoangukia. Nusu ya skrini ni pikseli 960. Tukiliweka jina na cheo kwenye mistari miwili, pamoja na nafasi ya kupumua, tunahitaji kimo cha pikseli 170 hivi. Kwa hiyo maandishi yote yanakaa kati ya pikseli 1,080 na 1,250, chini kidogo tu ya katikati ya skrini. Mazoea ya televisheni ya kuliweka jina chini kabisa ya picha hayana kazi hapa.

Na hapo ndipo mpiga picha anapoingia. Kama amempiga Fulani binti Fulani huku uso ukiwa katikati kabisa ya fremu, maandishi yatamkata kidevuni. Uso unatakiwa ukae kwenye mstari wa theluthi ya juu, macho yakiwa karibu na pikseli 640, ili kifua na mikono yenye kamba vikae katikati, na chini yake yabaki maji ambayo vitufe na maelezo vinaweza kuyafunika bila hasara. Uamuzi huo haurekebishiki baadaye. Mhariri anaweza kuikuza picha na kuisogeza, lakini kila anapoikuza anapoteza ung'avu.

Kama video moja itatumika pande zote mbili, kusimama na kulala, maandishi yasichomwe kwenye nakala moja kisha ikakatwa kupata nyingine. Zitoke nakala mbili, picha zilezile, maandishi yakipangwa upya katika kila moja.

Herufi ngapi kwa sekunde

Muda wa maandishi mara nyingi hukisiwa kwa maneno. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinapotosha. Neno moja kama "wanaojitegemea" ni sentensi nzima iliyobanwa, na jicho halilipiti kwa kasi linayopita "wa" au "ya". Kuhesabu herufi, pamoja na nafasi baina ya maneno, kunatoa makadirio yaliyo karibu zaidi na ukweli.

Miongozo ya maandishi ya tafsiri ya Netflix kwa lugha nyingi imeweka kikomo cha herufi 17 kwa sekunde katika vipindi vya watu wazima, na 13 katika vya watoto. Hicho ni kikomo cha mtu ambaye tayari ameketi akijua maandishi yatakuja, mahali palepale, mstari baada ya mstari. Jina huja mara moja, bila taarifa, huku mtazamaji akiutazama uso mgeni na kuisikiliza sauti mpya. Ndiyo maana ni salama zaidi kutumia kasi ya 13, kisha kuongeza sekunde moja nzima ya jicho kugundua kwamba kuna kitu cha kusoma.

Tuipime kwa mfano wetu. Kikundi kimependekeza maandishi haya:

Fulani binti Fulani
Katibu wa Kikundi cha Wakulima wa Mwani, Jambiani

Mstari wa kwanza una herufi 19, wa pili 49, jumla 68. Gawanya kwa 13, unapata sekunde 5.2. Ongeza sekunde ya kugundua, ni 6.2. Sasa jaribu maandishi mafupi:

Fulani binti Fulani
Mkulima wa mwani, Jambiani

Hapa mstari wa pili una herufi 26, jumla ni 45. Kwa kasi ileile zinasomeka kwa sekunde 3.5, na pamoja na sekunde ya kugundua ni 4.5.

Muda huo ni wa maandishi yaliyotulia na kuonekana kikamilifu. Yanapoingia na kutoka taratibu, kila upande huchukua fremu nane hivi, ambazo kwa video ya fremu 25 kwa sekunde ni kama theluthi ya sekunde. Herufi inayoteleza kutoka kushoto au inayofifia haisomeki, basi muda huo usihesabiwe kama wa kusoma. Vilevile maandishi yasianze sekunde ileile picha inapobadilika. Mtazamaji apewe nusu sekunde amtambue mtu kwanza.

Shoti ya sekunde sita

Shoti ya mama akizungumza, kabla picha haijahamia kwenye kamba na vijiti vya shambani, ina sekunde 6. Kwa maandishi mafupi hesabu ni hii: nusu sekunde ya kumtambua, sekunde 0.3 ya kuingia, 4.5 za kusoma, 0.3 za kutoka. Jumla ni sekunde 5.6. Yanaingia, na kuna nafasi ndogo iliyobaki kabla ya mkato. Kwa maandishi marefu jumla inafika sekunde 7.3. Hayaingii.

Wahariri wengi wakifika hapo hufanya moja ya mambo mawili mabaya. Wa kwanza huyaacha maandishi yavuke mkato, jina la mama likabaki skrini ilhali picha imeshahamia kwa mwanamume anayebeba magunia. Mtazamaji anayesoma polepole ataondoka akiamini mwanamume yule ndiye Fulani binti Fulani. Wa pili huyaondoa baada ya sekunde 3 kwa sababu "yeye mwenyewe ameyasoma". Ameyasoma kweli, lakini ndiye aliyeyaandika. Aliyeandika hasomi, anakumbuka. Kwa ajili hiyo kuna desturi ya zamani katika vyumba vya uhariri: mhariri huyasoma maandishi mara mbili kwa mwendo wa kawaida, na yasiondoke kabla hajamaliza mara ya pili.

Upana nao unatoa hukumu ileile. Herufi ya kawaida isiyo na vikonyo ina upana unaozidi kidogo nusu ya kimo chake, na Kiswahili kimejaa "m" na "w", herufi mbili pana kuliko zote. Tukilipa jina kimo cha pikseli 60 na cheo pikseli 44, jina linachukua upana wa pikseli 630 hivi, na cheo kifupi karibu kiasi hichohicho. Vyote vinakaa vizuri ndani ya 865. Cheo kirefu kwa kimo hicho kinahitaji karibu pikseli 1,190, yaani kinazidi upana wa skrini nzima. Ili kiingie kwenye mstari mmoja lazima kishushwe hadi pikseli 32, na madhara ya kufanya hivyo tutayaona mbele.

Kuna upande wa heshima usiopuuzwa. Mtu aliyechaguliwa na wenzake kuwa katibu ana haki ya kutajwa hivyo, na kwa watu wetu kumvua mtu cheo chake hadharani si jambo dogo. Dawa ni kukipeleka cheo kamili kwenye sauti. Msimulizi anasema, "Bi Fulani ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani hapa Jambiani," na skrini inabeba jina na kazi. Sikio linapokea maneno marefu bila kuhitaji pikseli hata moja. Kama kikundi kinasisitiza cheo kionekane, "Katibu, wakulima wa mwani" ina herufi 25 na inaingia kwenye shoti ileile.

Namna ya kuandika jina ithibitishwe na mwenyewe. Njia nyepesi ni kumwomba kabla ya mahojiano alitaje jina lake mbele ya kamera na kuliandika kwenye daftari, kisha ukurasa huo upigwe picha. Mwanaidi na Mwanaid, Mussa na Musa, ni tofauti ambazo hakuna mhariri anayeweza kuzikisia kwa sauti tu.

Maandishi mawili yakigombana

Watu wengi hutazama video za simu bila sauti, hasa kwenye daladala au kazini. Kwa hiyo video ya Jambiani inabeba pia maandishi ya kile mama anachosema. Hapo jina na maneno yake vinatoka wakati mmoja, vyote chini ya uso, na hesabu yote tuliyofanya inavunjika, kwa sababu mtazamaji sasa ana herufi karibu mara mbili za kusoma kwa sekunde zilezile. Kwa kawaida atafuata maneno, maana yanabadilika, na jina ataliacha.

Kuyasogeza maandishi ya jina juu zaidi hakusaidii sana, kwa kuwa tatizo ni muda na si nafasi. Linalosaidia ni kumtambulisha kabla hajafungua mdomo. Chukua shoti ya sekunde 6 ya mama akifunga mwani kwenye kamba, uso ukionekana vizuri, msimulizi akisema cheo chake, na jina liwekwe hapo. Picha inayofuata ni uso wake akizungumza, na skrini ina maneno yake peke yake. Shoti hiyo ya kazi lazima ipigwe siku hiyohiyo, na mpiga picha ajue kwamba anaipiga kwa ajili ya jina: kamera itulie, na kushoto kwa mama pasiwe na kitu chenye michoro mingi kitakachogombana na herufi.

Kadi ya kwanza na ya mwisho

Kichwa "Mwani wa Jambiani" kina herufi 17. Kwa hesabu yetu kinahitaji sekunde 2.3, tuseme 2.5. Kikundi kilitaka kuongeza chini yake "Wanawake wanaolima baharini", herufi nyingine 27, na muda ukawa unafika karibu sekunde 4.5. Katika video ya dakika moja hiyo ni mali nyingi, hasa ikiwa kadi ni nyeusi na haina kitu kingine, kwani mtazamaji wa simu anaweza kupitisha kidole kabla ya sekunde ya tatu. Ni afadhali kichwa kikae juu ya picha pana ya pwani maji yakiwa yametoka, isiyo na mtu anayetembea, kwa kuwa jicho hukimbilia kinachotembea na kuacha kinachosomwa. Mstari wa pili uondoke. Picha zinazofuata zitaonyesha kwamba ni wanawake na kwamba ni baharini.

Kadi ya mwisho ina mtego wake. Nambari ya simu ina tarakimu 10, na kwa kasi ya herufi 13 ungesema sekunde moja inatosha. Tarakimu hazisomwi hivyo. Herufi za neno hutambuliwa kwa pamoja, ilhali kila tarakimu lazima isomwe peke yake, na mtazamaji huenda anainakili. Itenganishwe katika mafungu ya nne, tatu na tatu, na ikae sekunde 6 au 7. Jina la kikundi liwe juu yake na kitu kingine chochote kisiwepo. Nembo za wafadhili, kama zipo, zipewe kadi yao ya pekee au zitangulie.

Mchanga mweupe na safari ya WhatsApp

Jambiani mchana ina mchanga mweupe na maji yanayong'aa. Maandishi meupe juu ya mandhari hiyo yanapotea, na kivuli chembamba nyuma ya herufi hakiyaokoi. Yanahitaji kibao cheusi nyuma yake, kilichofifishwa kiasi cha kuacha picha ionekane kidogo, tuseme giza la asilimia 60 au 70. Kibao kisimame imara hata wimbi jeupe linapopita nyuma yake. Tahadhari ya pili ni rangi. Mifumo ya kawaida ya kubana video huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, hivyo herufi nyekundu nyembamba juu ya bluu hutapakaa kingoni hata picha ikiwa safi. Nyeupe au njano hafifu juu ya nyeusi inastahimili.

Kisha video inaingia WhatsApp. Huko hubanwa, na ikitumwa kutoka kundi hadi kundi huenda ikafika ikiwa ndogo zaidi. Chukulia imeshuka hadi upana wa pikseli 480. Cheo tulichokipa kimo cha 44 kinabaki na 20 hivi, na herufi ndogo kama "a" na "e" zinakuwa na kimo cha pikseli 10, bado zinasomeka. Cheo kirefu kilichoshushwa hadi 32 kinabaki na 14, na "a" yake ina pikseli saba tu. Tundu za herufi zinaziba, "a" inafanana na "o", na Jambiani inaweza kusomwa namna yoyote. Herufi nene kiasi, zenye nafasi kidogo baina yao, huvumilia safari hiyo kuliko zile nyembamba za kupendeza.

Kabla ya kuitoa, ukaguzi una hatua tatu. Washa mistari ya mipaka salama kwenye programu ya kuhariria. Premiere Pro na DaVinci Resolve zote zinayo, na penye programu isiyo nayo unaweza kuweka juu ya video picha ya skrini ya Instagram yenye vitufe vyake, kisha ukaiondoa baada ya kupima. Pili, jitumie video kwa WhatsApp na uitazame kwenye simu ya bei nafuu, nje juani, ukiwa umeishika kwa umbali wa kawaida wa mkono. Tatu, mpe mtu ambaye hajaiona wala hamjui mama yule. Muache aitazame mara moja, bila kusimamisha, kisha muulize mama anaitwa nani na anafanya kazi gani. Akijibu moja bila lingine, rudi kwenye karatasi ya hesabu na upunguze herufi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.